Vidonge Sitini vya Agosti

Mimi nina hasira za karibu. Mama yangu kule Buhembe anasema nilizaliwa nikiwa nimekunja ngumi, na sijawahi kumbishia. Kwa hiyo anayesoma hapa asitegemee kwamba nitasimulia kwa upole. Yaliyotokea hayastahili upole, na nusu ya hasira yangu ni juu yangu mwenyewe.

Jina langu ni Edvina. Nilimaliza shahada ya famasia Mwanza, nikapangiwa mwaka wangu wa utarajali kwenye hospitali moja wilayani Muleba. Jina lake silitaji. Waliopo pale wataijua, na wasiokuwepo haiwasaidii. Mtarajali ni mtu aliyesoma kila kitu na haruhusiwi kufanya chochote mpaka mwingine atie saini. Nilikuwa na kitabu changu cha mafunzo chenye kurasa zaidi ya sitini, na kila kazi niliyoifanya ilihitaji saini ya msimamizi. Bila saini hizo husajiliwi kuwa mfamasia. Unarudi nyumbani kupalilia migomba na shahada yako kabatini.

Msimamizi wangu aliitwa Avit. Alikuwa mkuu wa kitengo cha dawa, mtu wa miaka hamsini na kitu, mpole wa sauti, shati limenyooshwa hata Jumamosi. Sijawahi kumsikia akifoka. Wiki ya kwanza alininunulia chai na chapati, akaniuliza habari za baba na za kibanja chetu cha migomba, nikamwona mzazi. Ndiyo maana hadi leo nikikumbuka ile chapati nasikia kuitapika.

Nilifika mwanzoni mwa Septemba. Siku ya tatu Avit akanikabidhi stoo.

"Wakaguzi wa mkoa wanatoka Bukoba mwisho wa mwezi," alisema. "Nataka uhesabu kila kitu. Linganisha na kadi. Angalia tarehe za mwisho. Usiache kona."

Kazi hiyo naipenda, lazima niseme. Kila dawa ina kadi yake ya stoo, imening'inizwa kwenye rafu au iko kwenye faili. Kwenye kadi kuna tarehe, zilizoingia zimetoka wapi, zilizotoka zimekwenda wapi, salio, na saini. Wewe unahesabu kilicho kwenye rafu kwa mkono wako, unalinganisha na salio. Kisha unasoma tarehe ya mwisho kwenye kila toleo, boksi kwa boksi, kwa sababu maboksi yanayofanana kwa rangi yanaweza kuwa ya matoleo mawili. Itakayoisha mapema inakaa mbele itoke kwanza, itakayochelewa inakaa nyuma. Ni kazi rahisi kama kupanga vyombo jikoni. Inachohitaji ni kuinama.

Na mle ndani watu walikuwa hawainami. Nililiona hilo kwenye kadi ya tano tu. Kila mwisho wa mwezi kulikuwa na mstari wa wino mwekundu, "imehesabiwa, sawa," na saini ya Avit. Aprili sawa, Mei sawa, Juni sawa, Julai sawa. Lakini panadoli zilipungua makopo mawili na glavu zilizidi maboksi saba. Sawa gani hiyo? Mtu aliyeketi kitini na kalamu anaweza kuandika sawa mpaka kalamu iishe wino.

Siku ya pili ya kuhesabu nilifika kwenye kabamazepini, dawa ya kifafa, vidonge vya miligramu mia mbili. Kadi ilisema salio ni maboksi kumi na mawili. Rafu yake ilikuwa tupu, imebaki vumbi na kadi yenyewe. Nikatafuta juu, nikatafuta chini, nikauliza dirishani wanakotolea dawa. Wakaniambia dirishani hakuna tangu mwishoni mwa Julai, na waliulizia stoo wakaambiwa hakuna.

Nikaanza kusogeza vitu. Kwenye kona ya nyuma kulikuwa na makatoni ya dripu yamepangwa hadi kifuani. Nilipotoa la nne nikayaona. Maboksi kumi na mawili ya vidonge mia mia, hayajafunguliwa, yamekaa kimya nyuma ya maji ya chumvi. Inaelekea siku yalipopokelewa rafu ilikuwa imejaa, mtu akayaweka chini kwa muda, mwingine akapanga dripu mbele yake, basi. Nikageuza boksi la kwanza. Mwezi wa saba. Dawa iliyoandikwa mwezi bila siku inatumika mpaka siku ya mwisho ya mwezi huo, kwa hiyo zilikuwa nzima mpaka tarehe thelathini na moja Julai. Mimi nilizishika Septemba.

Nilikaa chini pale pale sakafuni nikapiga hesabu ya upumbavu huo. Kama mtu angeinama Mei, vidonge elfu moja na mia mbili vingeliwa na wagonjwa. Hakuinama. Na kwa kuwa kadi ilionyesha maboksi kumi na mawili, oda ya dawa ya robo mwaka haikuomba kabamazepini hata moja, maana oda hutoka kwenye salio la kadi. Kwa hiyo dawa iliyokuwepo haikuonekana, na dawa mpya haikuagizwa kwa sababu ile isiyoonekana ilihesabika ipo. Wagonjwa wa kliniki ya kifafa wakaambiwa hakuna, Agosti na Septemba.

Nilikwenda ofisini kwa Avit nikiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi, nikijiona shujaa. Nikamweleza. Nikamwambia utaratibu ninaoujua: tuzitenge, tuziandike kwenye kadi kama hasara ya muda kuisha, tuzifungie na lebo ya zisitumike, tuombe kibali cha kuziteketeza mbele ya mkaguzi, na tuombe oda ya dharura leo hii.

Avit alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akafunga mlango.

"Edvina mwanangu, umefanya vizuri kuziona," alisema. "Lakini maboksi kumi na mawili ya dawa ya kifafa yameisha muda, na wagonjwa wameambiwa hakuna? Hilo wakaguzi watalipeleka mbali. Tutaulizwa sisi sote. Na wewe uliyehesabu."

"Mimi nimekuja wiki iliyopita, bosi."

"Saini ya hesabu itakuwa ya kwako."

Akatoa kwenye droo kitabu kikubwa cha jalada la bluu, kitabu cha kliniki ya kifafa. Kila mgonjwa wa kudumu ana mstari wake, na miezi imepangwa kwenda kulia. Kila mwezi mgonjwa anapochukua dawa, mtoa dawa anajaza idadi ya vidonge na kuweka saini yake. Siku ya kliniki, Jumatano ya kwanza ya mwezi, kitabu hicho hukaa mezani kwa daktari. Vyumba vya Agosti na Septemba vilikuwa vitupu kwa wote wanaotumia kabamazepini.

"Wagonjwa kumi wanatumia mia mbili asubuhi na mia mbili jioni," alisema. "Vidonge sitini kwa mwezi. Miezi miwili. Piga hesabu."

Nilipiga. Kumi mara sitini mara mbili. Elfu moja na mia mbili. Ilikuwa imelingana kabisa, kama mtu aliyepima kitambaa kabla ya kukata.

"Jaza. Kisha kwenye kadi andika zimetoka kwenda dirishani, sita Agosti, sita Septemba. Salio sifuri. Nami leo leo naomba za dharura, na hilo ndilo wagonjwa wanalohitaji, au siyo? Hizi zilizoisha zitakwenda kwenye tanuri na taka nyingine. Haumii mtu. Ni karatasi tu."

"Lakini hawakupewa."

"Hawakupewa. Na ukiandika ukweli, watakuwa wamepewa?"

Kitabu changu cha mafunzo kilikuwa mezani pake. Hakukifungua. Alikisogeza kidogo tu kwa kidole, ili kikae vizuri. Sitajitetea. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nilijua ninachokifanya, nikakifanya. Niliketi nikajaza sitini, saini, sitini, saini, mara ishirini, kwa kalamu moja na mwandiko wangu mzuri ambao masista wa sekondari waliusifu. Hata majina sikuyasoma vizuri. Jioni hiyo hiyo Avit alitia saini kurasa nne za kitabu changu.

Tena akawakumbusha watu wa dirishani agizo lake la tangu Agosti: wasiandike "hakuna" kwenye daftari la mgonjwa. Mgonjwa aambiwe kwa mdomo. Maandishi yanaleta maswali.

Wakaguzi walikuja, wakafungua kadi, wakahesabu rafu, ikawa sawa, safari hii sawa ya kweli. Mmoja wao alisifu usafi wa stoo na kuniuliza nimesoma wapi. Dawa za dharura zikafika siku mbili baadaye, maboksi ishirini, tarehe zake mbali. Nikazipanga mbele kabisa, kila mtu azione. Nikajiambia yameisha. Nililala vizuri, na hilo nalo linaniudhi.

Jumatano ya kwanza ya Oktoba nilikuwa dirishani. Foleni ya kliniki ilikuwa ndefu kuliko kawaida, maana habari kwamba dawa imefika ilishafika hadi Kamachumu. Kama saa nne hivi akaja mama mmoja mwembamba, kitenge kimefungwa vizuri, akiwa na binti wa miaka tisa. Mkono wa kulia wa mtoto ulikuwa umefungwa bandeji toka vidoleni hadi kwenye kiwiko. Nyuma yao, hatua mbili, alisimama baba mtu akitazama ukuta.

Mama akasukuma daftari bila kuniangalia. Jina la mtoto ni Kokugonza Apolinary. Nikasoma alichoandika daktari Mutembei asubuhi hiyo. Kabamazepini miligramu mia nne mara mbili kwa siku. Chini yake, fenobabitoni usiku. Na chini zaidi, kwa mwandiko wa haraka: degedege zinaendelea ingawa dawa imetolewa kila mwezi, mama hatoi dawa ipasavyo, ameonywa.

Dozi iliyopita ilikuwa mia mbili mara mbili. Daktari alikuwa ameiongeza mara mbili, kisha akaongezea dawa ya pili ya kulegeza ubongo. Kwa mtoto aliyekuwa akimeza na bado anaanguka, naweza kuelewa daktari anajaribu nini. Nikauliza swali ambalo kila mtu wa dirisha anapaswa kuuliza.

"Mama, miezi hii miwili alikuwa anameza vingapi kwa siku?"

Akainua uso. Nimeshaona watu wenye hasira, natoka kwenye ukoo wao. Lakini hasira ya yule mama ilikuwa imekaa muda mrefu mpaka imekauka.

"Na wewe unaniuliza?" alisema. "Dirisha hili hili. Agosti nilikuja nikaambiwa hakuna. Septemba nikaja nikaambiwa hakuna. Nikanunua vidonge kumi Bukoba kwa pesa ya kahawa, vikaisha. Mtoto ameangukia jikoni, mkono umeingia motoni, mimi niko shambani. Leo daktari ananifungulia kitabu, anasema nimepewa sitini na sitini. Anasema nauza dawa ya mwanangu. Sasa uniulize tena ulivyotumwa kuniuliza."

Yule baba akasema kwa ukuta, "Theopista, kitabu kinasema."

"Kinasema," mama akaitikia. "Na kwa mama yako umeshapiga simu kumwambia kinavyosema."

Nilijua mstari ule wa kitabu cha bluu. Sikukumbuka jina, lakini nilikumbuka kwamba wa saba kutoka juu alikuwa mtoto, kwa sababu kwenye safu ya umri niliona tisa, nikapita, nikajaza sitini. Daktari alikuwa amesoma mwandiko wangu. Kwa ushahidi wangu mimi, mama huyu alikuwa mwizi wa dawa ya mtoto wake, na mtoto aliyekaa miezi miwili bila dawa alikuwa anakwenda kuanza kumeza vidonge vinne kwa siku na kingine cha usiku juu yake. Dawa hii mtu akiiacha kwa muda mrefu haanzi pale alipoishia, sembuse mara mbili yake. Unaanza chini, unapanda wiki kwa wiki. Ukimpa mtoto kwa kishindo namna ile anaweza kulala asiamke vizuri, anapepesuka, anatapika, na fenobabitoni inamzidishia usingizi.

"Mama, naomba ukae kwenye benchi," nilisema. "Usiondoke. Baba, na wewe usiondoke. Dawa hii haitoki kama ilivyoandikwa."

Nikachukua daftari lake nikatoka. Avit alinikuta kwenye korido. Sijui nani alimwambia, labda uso wangu tu.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa daktari. Kuna mtoto amepandishiwa dozi kwa sababu ya zile sitini."

Alielewa mara moja. Hilo ndilo linalonichoma zaidi, kwamba hakuuliza sitini zipi.

"Sikiliza," alisema, sauti ile ile ya chai na chapati. "Mwambie daktari dozi ni kubwa kwa uzito wa mtoto. Atapunguza. Ni ushauri wa kawaida wa mfamasia. Huna haja ya kugusa kitabu."

Nitasema ukweli, kwa sekunde chache nililitafakari. Lilikuwa jibu zuri. Mtoto angepona na kitabu kingebaki safi. Ila mama yule angerudi nyumbani akiwa bado mwizi. Na wale tisa wengine, je? Daktari angeendelea kuwasomea mwandiko wangu mmoja mmoja, na kila mmoja angeambiwa dawa imemshinda.

"Apunguze au asipunguze, ameshaandika kwamba mama hatoi dawa," nilisema.

"Edvina. Kitabu chako kina kurasa ngapi bado?"

"Hamsini na tatu."

"Nani atazisaini?"

Hapo ndipo nilipofoka. Nimeambiwa nilisikika hadi wodi ya wazazi. "Bosi, mtoto ameungua mkono! Ulisema haumii mtu!" Watu wa foleni wakageuka wote. Avit akashika shati langu la kazi kwenye kiwiko, kwa adabu, kama mtu anayemvusha bibi barabara. Nikajitoa, nikaingia kwa daktari bila kubisha hodi.

Mutembei ni daktari kijana, mchapakazi, na ana dharau kidogo kwa watu wa dawa. Alikuwa na mgonjwa mbele yake na kitabu cha bluu kimefunguliwa. Nilimwomba mgonjwa atupishe. Nikaweka kidole kwenye mstari wa saba.

"Hizi Agosti na Septemba si za kweli. Hakuna aliyepewa. Tulikuwa na maboksi kumi na mawili yaliyoisha muda Julai, yamefichika stoo. Tukayatoa kwenye kadi kwa kuyagawa humu. Wagonjwa wote kumi hawajameza kitu miezi miwili, labda walionunua nje."

Akatazama kitabu, akanitazama mimi. "Nani ameandika?"

"Mimi. Saini ni yangu. Angalia, wino mmoja, miezi miwili."

Akaangalia. Kila mtu angeweza kuona akiangalia. Nafikiri hilo lilimuumiza na yeye, kwamba alikuwa na macho na hakuyatumia.

"Nimemtukana yule mama," alisema. "Mbele ya mumewe. Unajua nimemwambia nini?"

"Ameniambia."

"Wewe ni mtu wa namna gani?"

Nilimwambia ametoa dozi gani na kwa nini haifai kwa mtoto aliyeacha dawa. Alijua, hakuhitaji somo. Akakata mistari yote miwili, akaandika upya: mia moja mara mbili kwa siku, yaani nusu kidonge asubuhi na nusu jioni, kupandisha kila wiki hadi arudi kwenye dozi yake, hakuna fenobabitoni, arudi baada ya wiki mbili. Kisha akauliza majina ya wengine tisa. Asubuhi ile alikuwa ameshaona watatu kati yao. Wawili tuliwakuta bado kwenye foleni ya dawa, tukawarudisha. Wa tatu, kijana mmoja wa Kamachumu, alishahudumiwa na mwenzangu wa dirishani, akaondoka na dozi ya juu mfukoni. Tulimpigia simu akiwa bado barabarani, nikamwambia asimeze hata kimoja mpaka arudi. Alirudi, ananiangalia kama kichaa, na alikuwa na haki.

Ilibaki kusahihisha kitabu, na nilitaka hilo lifanyike huku Mutembei anaona. Rejesta haifutwi na haichanwi. Unapiga mstari mmoja juu ya kosa ili lisomeke bado, unaandika kilicho sahihi pembeni, tarehe, jina, saini. Nilipiga mistari ishirini. Pembeni mwa kila sitini nikaandika: hakupewa, dawa ilikuwa imekwisha muda. Kwenye kadi ya stoo nikaandika hasara, maboksi kumi na mawili, namba ya toleo, mwezi wa saba. Namba ya toleo nilikuwa nimeinakili kwenye daftari langu siku nilipoyakuta, kwa mazoea tu ya shule. Tanuri haikuacha ushahidi mwingine. Barua ya maelezo niliandika mchana, nakala kwa mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali, nakala kwa wakaguzi Bukoba. Avit alipita mlangoni mara mbili akitazama. Kitabu changu cha mafunzo kilirudi mezani kwangu jioni. Alikuwa amekata kwa mstari mmoja zile kurasa nne alizonisainia Septemba. Mtaratibu hadi mwisho, yule mzee. Kesi yetu sote wawili inasubiri kusikilizwa, na sijui kama nitasajiliwa.

Lakini hayo ni ya baadaye. Saa sita mchana ile nilirudi dirishani, nikatoka nje kabisa mpaka kwenye benchi. Nikampigia magoti Theopista.

"Mama, zile sitini niliandika mimi," nilisema. "Hukupewa dawa. Hujauza dawa. Kitabu kilidanganya na mwongo ni mimi."

Nilingoja anitukane, nilitamani anitukane. Alimpapasa mtoto kichwani, kichwa chenye kovu la zamani juu ya sikio.

"Simama, unachafua nguo," alisema hatimaye. "Dawa inatumikaje?"

Nikamwonyesha. Nikakata vidonge nusu nusu mbele yake, nikahesabu vya wiki mbili, nikamwandikia asubuhi na jioni, nikamwambia dalili za kumrudisha mtoto haraka: usingizi usio wa kawaida, vipele, homa. Alirudia kila kitu bila kukosea. Mwanamke huyo ndiye aliyeandikwa hatoi dawa ipasavyo.

Alipomaliza kufunga dawa kwenye kona ya kitenge, hakuondoka.

"Sasa niandikie," alisema.

"Nimeshaandika dozi, mama."

"Si dozi. Niandikie hayo uliyoyasema sasa hivi. Nyumbani mdomo wangu hauna kazi. Nimesema miezi miwili, nimesema kwa mume, nimesema kwa mama mkwe, nimesema kwa daktari. Wanaamini karatasi. Nipe karatasi, waitu, nakuomba."

Apolinary, mumewe, alisogea kwa mara ya kwanza. "Theo, haina haja. Nimesikia mwenyewe."

Theopista alikuwa ananitazama mimi. Nikachukua karatasi yenye jina la hospitali, nikaandika kwamba Theopista, mama wa Kokugonza, alifika kuchukua dawa Agosti na Septemba na hakupewa hata kidonge kimoja, kwamba maandishi ya kuonyesha alipewa ni ya uongo, na kwamba niliyaandika mimi. Nikaweka jina langu lote, saini, muhuri wa dirisha la dawa. Muhuri sikuwa na ruhusa ya kuutumia.

Aliipokea, akaisoma taratibu, midomo ikicheza. Kisha akamgeukia mumewe akamnyooshea ile karatasi.

"Soma."

Apolinary akaishika kwa mikono miwili. Akasoma kwa sauti ya chini, haraka haraka, akimeza maneno, mpaka kwenye jina langu. Foleni nzima ilikuwa imegeuka. Mtoto alikuwa anamtazama baba yake.

"Sijasikia," alisema Theopista. "Anza mwanzo."